Bakodi au QR kwa kuhesabu vifaa vya stoo ya saiti: kipi kinaenda haraka?

StooNyali
Wakuu, habari za jioni. Natunza stoo ya saiti ya ghorofa huku Nyali. Nina grenda, drili za umeme na za betri, vaibreta, pima maji, seti za spana, halafu mabeleshi, sururu, karai na mitaimbo. Ukiweka vyote pamoja havipungui vipande 160. Kila Jumamosi mchana nahesabu nikiwa na daftari, msaidizi wangu ananisomea namba zilizoandikwa kwa rangi. Namba zenyewe zimefutika nusu, kwa hiyo "3" na "8" hazitofautiani. Bosi amekubali ninunue lebo na skana. Kuna anayeniambia bakodi ya mistari ndiyo ya kazi, mwingine anasema QR kwa simu inatosha. Nataka kusikia waliotumia kwenye saiti, si kwenye supamaketi.

FundiLikoni
Chukua QR ufunge mjadala. Simu unayo tayari, skana ya nini? Tena QR haiogopi kuchubuka, ile asilimia 30 ikitoka bado inasoma. Bakodi ikikatika mistari kidogo tu imekwisha.

Mtunza_Vifaa_MSA
FundiLikoni, hapo kuna kweli na kuna kasoro. QR ina viwango vinne vya kujirekebisha, na hiyo takriban 30% ni ya kiwango cha juu, H. Programu nyingi za bure zinakutolea kiwango cha chini usipochagua mwenyewe, na L kinavumilia kama 7% tu. Pili, uharibifu hauhesabiwi sawa kila mahali. Ile miraba mitatu mikubwa ya pembeni ndiyo skana inayoitafuta kwanza. Jiwe la grenda likikwangua pembe moja, kodi inaweza kukataa hata kama sehemu iliyobaki ni safi. Na bakodi nayo si dhaifu hivyo: mistari ni mirefu, ikichubuka juu bado unaweza kupitisha mwanga chini yake. Inachokufa nacho ni mkwaruzo unaoikata kutoka juu hadi chini.

StooNyali, mimi ningeamua kwa nafasi iliyopo kwenye kifaa. Chukua namba fupi kama GR-014. Ukiiandika kwa Code 128, ambayo ndiyo bakodi ya kawaida kwa herufi na tarakimu, unapata upana wa vipimo 101 vya mstari mwembamba, na pembeni lazima uache nafasi nyeupe ya vipimo 10 kila upande. Jumla 121. Mstari mwembamba ukiwa robo milimita, lebo ni milimita 30 hivi. Ukitaka isomeke kwa urahisi kwa mkono wenye vumbi, ongeza mpaka 40. QR ya namba hiyo hiyo ni miraba 21 kwa 21, na nafasi nyeupe ya miraba 4 kila upande, jumla 29. Hata kila mraba ukiwa nusu milimita nzima, lebo haifiki milimita 15. Kwenye mwili wa grenda ndogo tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama lebo inakaa kwenye plastiki tambarare au inapinda.

Kwa hiyo kwa vifaa vya mkono nasema QR, lakini usomee kwa skana ya bunduki ya kamera, si kwa simu. Simu inasoma vizuri, ila kila kipande unasubiri ishike fokasi na ubonyeze. Bunduki iliyochomekwa kwenye laptopu inajifanya kibodi: inaandika namba, inabonyeza Enter, unasonga. Angalia unaponunua: zile za leza za bei nafuu zinasoma mistari pekee, QR haziigusi.

MamaHesabu
Swali la mtu wa ofisini: kwa nini msiweke kiungo ndani ya QR? Ukiskani inafungua ukurasa wa kifaa, picha, tarehe ya sevisi, kila kitu.

Mtunza_Vifaa_MSA
Inawezekana, dada, lakini inagharimu nafasi. GR-014 kwa herufi kubwa inaingia kwenye QR ndogo kabisa hata kwenye kiwango H. Kiungo cha herufi ndogo chenye herufi 40 kwa kiwango hicho hicho kinakupeleka kwenye miraba 37 kwa 37. Kwenye lebo ile ile ya milimita 15 kila mraba unabaki theluthi moja ya milimita. Vumbi la saruji likishika hapo, skana inaanza kukataa. Tena siku mkibadilisha tovuti, stika zote ni takataka. Weka namba tu, maelezo yakae kwenye laptopu.

ShekheWaVipuri
Sisi hapa Changamwe tunafanya rahisi zaidi. Ukutani tumechora vivuli vya vifaa, kila ndoano na stika yake. Jioni kijana anapita na simu, anaskani ukuta mzima, dakika chache amemaliza. Stika hazichafuki wala hazigongwi.

Mtunza_Vifaa_MSA
Shekhe, samahani, hapo unahesabu ndoano. Kijana akiwa na haraka atapiga stika ya ndoano tupu, na laptopu itasema grenda ipo. Ni mtego ule ule wa sanduku la drili: stika iko juu ya sanduku, sanduku linarudi limefungwa, linahesabiwa, ndani hamna drili. Lebo ikae kwenye kitu chenyewe. Drili ya betri ipe lebo yake, betri ya kwanza yake, ya pili yake, na chaja yake. Kinachopotea kwanza ni betri.

ShekheWaVipuri
Kijana wangu namwamini. Ila hilo la sanduku, naam, limewahi kututokea.

KaraiNaBeleshi
Mimi shida yangu ni mifuko ya saruji. Tukiletewa lori, nikibandika QR kila mfuko itanisaidia kujua waliochukua?

StooNyali
Ndugu, mfuko ukishafunguliwa na karatasi imekwenda. Sisi tunazungumzia vifaa vinavyorudi. Lakini jina lako limenikumbusha: mabeleshi na karai je? Stika ikae wapi kwenye karai?

Mtunza_Vifaa_MSA
Haikai. Karai inasuguliwa na zege kila siku, na mpini wa beleshi unashikwa kwa jasho na mchanga. Kwa vitu hivi usitake kujua ni beleshi lipi, taka kujua ni mangapi. Weka lebo moja kwenye rafu, iandike BELESHI, unaipiga kisha unaandika idadi uliyohesabu kwa macho. Hapa ndipo mtindo wa Shekhe unafaa, kwa kuwa idadi inaandikwa na mtu aliyeangalia.

FundiLikoni
Sikubaliani. Beleshi langu nilichomelea namba kwenye shingo la chuma na bado inasomeka. Mabeleshi ndiyo yanayoibwa, grenda kila mtu anaiona.

Mtunza_Vifaa_MSA
Namba ya kuchomelea ni nzuri kumtambua mwizi, lakini haikuongezei kasi ya kuhesabu. Hizo ni haja mbili.

MamaHesabu
Na hesabu yenyewe laptopu inalinganishaje? Nisaidieni, maana mwisho wa mwezi faili inaletwa kwangu.

Mtunza_Vifaa_MSA
Fungua Excel yenye karatasi tatu. `Orodha` ina kila kifaa, namba zikianzia A2. `Nje` ni namba zilizosainiwa na mafundi na hazijarudi. `Hesabu` iko tupu. Weka kishale kwenye A1 na uanze kupiga. Kisha kwenye `Orodha`, seli ya C2, bandika hii na uivute mpaka chini:

```
=IF(COUNTIF(Hesabu!A:A,A2)>0,"STOO",IF(COUNTIF(Nje!A:A,A2)>0,"NJE","TAFUTA"))
```

Tuseme vifaa vyenye lebo ni 96. Umepiga 81 ndani ya stoo, 12 wamesaini mafundi, na 3 vinaandika TAFUTA. Hivyo vitatu ndivyo kazi yako ya Jumamosi, si vile 96. Ukipiga kifaa kimoja mara mbili hakuna hasara, kwa sababu fomula inauliza kama namba ipo, haiulizi imetajwa mara ngapi. Jambo la kuangalia ni kifaa kilichopigwa stoo na papo hapo kipo kwenye `Nje`. Hapo fundi amerudisha na hakuna aliyefuta saini yake, au msaidizi amepiga stika iliyobanduka. Na usitumie namba tupu kama 0014, Excel itaikata ibaki 14 na haitalingana na lebo. Ndiyo maana naanza na herufi.

StooNyali
Hii nimeielewa. Sasa stika zenyewe. Hapa pwani joto, chumvi na jasho. Duka moja mjini limenipa bei nzuri ya lebo za joto, zile kama risiti.

Mtunza_Vifaa_MSA
Ziache. Karatasi ya risiti inaandikwa kwa joto, na joto hilo hilo la jua la stoo ya mabati linaififisha au kuifanya nyeusi. Omba poliesta nyeupe iliyochapwa kwa utepe wa resini. Futa plastiki kwa spiriti kwanza, maana mafuta ya mkono yanaifanya gundi isishike, bandika, sugua kwa kidole kutoka katikati, na ukiacha siku moja kabla kifaa hakijatoka gundi inakaza vizuri. Usibandike kwenye kichwa cha grenda, kinapata moto, wala juu ya matundu ya hewa, wala juu ya namba ya kiwandani. Utaihitaji kwenye warantii. Na zote zikae upande ule ule, ili vikiwa kwenye rafu lebo inakutazama. Kusoma ni sekunde. Kinachokula muda ni kugeuza kila kifaa kutafuta stika iko wapi.

FundiLikoni
Mimi ningepeleka bamba za alumini zichongwe kwa leza. Stika ni stika tu.

Mtunza_Vifaa_MSA
Bamba ni imara, lakini zikiwa zinang'aa na mchoro ni wa kijivu, skana inaona mwanga wake yenyewe. Mchoro uwe mweusi juu ya bamba iliyofifishwa. Na bamba inataka ribiti au gundi kali. Kutoboa mwili wa kifaa cha umeme sikushauri hata kidogo.

ShekheWaVipuri
Kuna mtu amejaribu kwenye hosi ya vaibreta? Yangu inalala ndani ya zege, stika yoyote inabanduka.

StooNyali
Mimi nitaweka kwenye mota, hosi niipe rangi ya mkanda. Lakini hosi zinabadilishana mota kila siku, kwa hiyo sijui kama inatosha. Nimeagiza bunduki ya kamera, nitaanza na grenda na drili na betri zake. Mabeleshi bado tunabishana na bosi, yeye yuko upande wa FundiLikoni.