Tupeane uzoefu: mpangaji unapodaiwa kuwa umeharibu nyumba, ulijibu nini na ulidai ushahidi gani?

Mama Nuru (Kasarani, Nairobi)

Wenzangu, nawasalimu. Niliipanga nyumba ya vyumba viwili tangu Machi 2021 hadi Mei 2025, kwa kodi ya shilingi 28,000 kwa mwezi na dipoziti ya kiasi hicho hicho. Siku tisa baada ya kurudisha funguo, ajenti aliniandikia kwamba sirudishiwi chochote, na kwamba bado nina deni la shilingi 3,500, kwa sababu niliharibu nyumba. Alitaja rangi ya nyumba nzima 19,000, vigae vinne vya jikoni 6,000, mlango wa chumba cha kulala 4,000 na koki ya sinki 2,500.

Sikumpigia simu, kwa kuwa nilitaka kila neno libaki mahali linapoweza kusomwa tena. Nilimwandikia barua, na sehemu yake kubwa ni hii:

"Kuhusu rangi, kufifia kwake sebuleni, alama za mahali kochi liliposimama na weusi unaozunguka swichi ni uchakavu wa kawaida wa nyumba iliyokaliwa na watu wanne kwa zaidi ya miaka minne. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini hakimfungi kurekebisha kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida. Rangi iliyobanduka chini ya ukuta unaopakana na bafu ni jambo tofauti. Nilimwarifu msimamizi wa ploti tarehe 14 Agosti 2023 kwamba maji yanavuja ndani ya ukuta huo, nikarudia Oktoba, na jumbe zote ninazo.

Kuhusu mlango, nakiri. Mashimo mawili ya skrubu na ufa ulioanzia hapo vilitokana na hanga niliyoifunga mwenyewe. Nitalipa gharama ya kuziba na kupaka vanishi, wala si bei ya mlango mpya, nikionyeshwa risiti ya fundi. Kuhusu koki, washa ya mpira huliwa na matumizi ya kila siku.

Naomba ndani ya siku 14 nipewe nakala ya fomu ya ukaguzi tuliyoitia saini siku ya kuingia, picha za kila kasoro zenye tarehe, makadirio ya fundi yanayotenganisha kazi moja na nyingine, na nafasi ya kuikagua nyumba pamoja kabla ya matengenezo kuanza, kwa maana ukuta ukishapakwa rangi mpya, ushahidi wangu na wako utakuwa umefunikwa."

Kwenye vigae nilikwama. Kweli vimepasuka, lakini sikumbuki kuangusha chochote kizito. Ninyi mlijibuje?

Kijana wa Roysambu

Mama, mimi nilijifunza kutolipa kodi ya mwezi wa mwisho, ili dipoziti ijilipie yenyewe na pasiwe na la kubishania. Na hata hivyo, sheria inamlazimu mwenye nyumba kupaka rangi kila mpangaji anapotoka, kwa hiyo hizo 19,000 usizijadili kabisa.

Fundi wa Vigae

Mama Nuru, chunguza ufa wenyewe kabla ya kukubali au kukataa. Kigae kilichoangukiwa na kitu, tuseme mchi au mtungi wa gesi, huwa na kidonda kimoja ambapo gamba la juu limemeguka, na nyufa hutawanyika kutoka hapo. Ufa ukipita katika vigae vitatu au vinne kwa mstari mmoja, bila kidonda popote, basi sakafu ya chini ndiyo iliyopasuka au kusogea, na vigae vimeifuata tu.

Kisha gonga kila kigae kwa sarafu. Kikitoa sauti ya uwazi, chini yake hakukujaa saruji, na kigae cha namna hiyo hupasuka hata kwa uzito wa mtu anayepita. Hata hivyo, sauti hiyo peke yake haikuokoi ikiwa kidonda kipo, maana kigae kilicholazwa vibaya nacho kinaweza kuangushiwa mchi.

Ukuta wa bafu nao husema. Maji ya bomba linalovuja huacha doa lenye ukingo na chumvi nyeupe inayochanua juu ya plasta, na rangi huvimba kutoka ndani. Mvuke wa kupikia bila kufungua dirisha huleta ukungu mweusi wa juujuu, zaidi kwenye pembe na nyuma ya kabati, na huo unaweza kukugeukia wewe. Picha yako ionyeshe tofauti hiyo.

Mkaazi wa Tabata

Huku kwetu Dar mambo ni mengine. Mimi nililipa kodi ya miezi sita bila dipoziti yoyote, na nilipohama mama mwenye nyumba alishikilia kabati langu akidai nimevunja geti. Tulikwenda kwa mjumbe, akauliza nani aliniona nikivunja, hapakuwa na mtu, nikapewa kabati langu. Sijui kama linasaidia kwa suala la dipoziti.

Ajenti Mstaafu

Linasaidia, kwa sababu swali la mjumbe ndilo la Mama Nuru: anayedai aonyeshe.

Nilisimamia nyumba za kupangisha kwa miaka mingi, na ushauri wa kijana unanitia wasiwasi. Ukiacha kulipa mwezi wa mwisho, unageuza mzozo wa rangi kuwa deni la kodi, na deni la kodi humpa mwenye nyumba njia ya kutuma dalali kukamata mali yako. Wala sijaona kifungu kinachomlazimu kupaka rangi kila mpangaji akitoka. Kinyume chake, mikataba mingi ya Nairobi humwagiza mpangaji apake rangi anapohama. Mama, soma mkataba wako leo. Kama sharti hilo limo na ulilitia saini, hoja ya uchakavu wa kawaida inadhoofika, ingawa nimeona mawakili wakilibishania pande zote mbili.

Nawatetea kidogo na wenye nyumba. Nimepokea nyumba ambayo kuta zake zilichorwa kwa kalamu za nta mpaka usawa wa kiuno, na mpangaji akaita uchakavu. Huo ni uharibifu. Hata hapo, rangi iliyotumika miaka minne hailipwi kama mpya: ikiwa ilitarajiwa kudumu mitano, hasara ya haki kwa 19,000 ni sehemu ya tano, yaani 3,800. Hayo ni mazoea ya kupatana, hayamfungi mtu. Mkishindwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kwenda bila wakili.

Mama Nuru

Asanteni sana. Mkataba unasema nirudishe nyumba "katika hali nzuri ya rangi", hautaji kupaka. Ajenti anasoma maneno hayo kuwa nipake upya, nami nayasoma kuwa nisiiharibu.

Alikubali tukague pamoja jana. Ufa wa vigae unatoka mlangoni hadi chini ya sinki kwa mstari mmoja, hauna kidonda, na vigae vitatu kati ya vinne vilitoa sauti ya uwazi. Ameondoa dai la vigae na la koki, na fomu ya ukaguzi ameungama kwamba haipo. Mlango tumekubaliana 1,200. Ila ukuta wa bafu tuliukuta umekwanguliwa na kupigwa skimu mpya wiki iliyopita, kabla barua yangu haijajibiwa. Nimebaki na picha mbili za 2023 zilizopigwa usiku, ambamo doa linaonekana lakini chumvi haionekani vizuri. Fundi, je, picha hizo zinatosha, au nimtafute fundi bomba aliyeitwa na msimamizi wakati ule aandike alichokiona?