Salio la dola 28,000: nifunge bei benki, ninunue dola sasa, au nisubiri?

Mwagizaji_Kizota: Wakuu, habari za Dodoma. Nimeagiza mashine za kukamua alizeti China, asilimia 30 nimeshalipa. Kwa salio, benki wamenipa njia mbili: ninunue dola leo kwa 2,500 nizihifadhi, au nisaini mkataba wa forwadi, yaani nifunge leo bei ya dola nitakazochukua siku ya kulipa, kwa 2,550. Au nisubiri tu. Ipi ina unafuu?

Hazina_Dom: Mkuu, salio ni kiasi gani, linalipwa lini, na ankara ni ya dola au yuani? Kama ni ya yuani, kufunga dola kunakukinga upande mmoja tu. Dola ikishuka mbele ya yuani bado utaumia.

Mwagizaji_Kizota: Samahani. Ni dola 28,000, ankara ya dola. Nalipa nikipata nakala ya hati ya meli, kama miezi mitatu hivi. Mkononi nina milioni 30, nyingine nitakopa kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka.

Mchumi_Chamwino: Benki ikikupa 2,550 ujue imeshaona dola inapanda. Nunua leo leo.

Hazina_Dom: Hapana ndugu, benki haitabiri kitu hapo. Ikikuahidi dola za miezi mitatu ijayo, inazinunua leo na kuziweka. Dola hizo zinaipa riba ndogo, huku shilingi ilizotoa zingeipa riba kubwa. Tofauti hiyo ndiyo unayolipa wewe. Tuseme riba ya shilingi ni asilimia 12 kwa mwaka na ya dola 5. Kwa robo mwaka ni 3 na 1.25. Chukua 2,500, zidisha kwa 1.03, gawanya kwa 1.0125, unapata kama 2,543. Shilingi 7 za juu ni faida ya benki, na hizo ndizo za kubishania.

Kwako Mwagizaji: forwadi inakuongezea shilingi 50 kwa dola, yaani 1,400,000. Ukinunua leo unahitaji milioni 70, kwa hiyo unakopa 40. Riba ya miezi mitatu ni 1,600,000, na milioni 30 zako zimekaa bila kuzunguka. Kwa mwenye mkopo, forwadi ni nafuu. Ungekuwa na milioni 70 zilizolala, ningesema nunua.

Binti_Mashudu: Mimi nauza mashudu nje na nalipwa dola. Na mimi nifunge?

Hazina_Dom: Dada, kama nawe kuna vitu unaagiza kwa dola, usiuze dola kisha uzinunue tena. Zibakize kwenye akaunti ya dola, mlipe msambazaji wako humo humo. Funga pengo linalobaki tu.

Kondoa_Spea: Mimi nasema asubiri. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda vizuri. Waliofunga bei kabla ya hapo walilipa zaidi ya wenzao.

Mama_Ankara: Kinachotesa zaidi ni tarehe. Kuna mwagizaji wa pampu alifunga dola 50,000 kwa 2,700, tarehe moja tu. Kiwanda kikachelewa wiki sita. Siku ya mkataba ikafika, hati hakuna, na shilingi za kuchukulia dola hana, maana alitegemea mkopo unaotoka kwa hati. Bei siku hiyo ilikuwa 2,600. Benki ikavunja mkataba wake kwa bei ya siku, akadaiwa shilingi 100 kwa kila dola: milioni 5, taslimu. Mkataba mpya ulianzia bei ya chini, kwa hiyo sehemu kubwa angeirudisha baadaye, lakini milioni 5 zilitakiwa siku ile na hakuwa nazo. Akauza mzigo wa dukani kwa bei ya kutupa.

Omba mkataba wenye dirisha, mathalani uchukue dola siku yoyote kati ya ya 75 na ya 105. Benki itakutoza bei ya siku ya mwisho, ni ghali kidogo. Uliza pia dhamana wanayotaka, maana ikikaa taslimu inakula unafuu wote.

Mchumi_Chamwino: Si auze mashine kwa dola tu, mteja abebe mzigo?

Mama_Ankara: Kanuni za 2025 zimekataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni. Usimpotoshe.

Hazina_Dom: Mwagizaji, wateja umeshawapa bei?

Mwagizaji_Kizota: Nusu ya mashine nimeshapokea malipo ya awali kwa bei ya shilingi. Nusu nitapanga bei zikifika.

Hazina_Dom: Basi funga dola 14,000. Hizo nyingine dola ikipanda, utapandisha bei.

Mama_Ankara: Sikubaliani. Zikifika alizeti itakuwa imeshavunwa, mkamuaji atagoma kuongeza hata laki. Afunge zote, kwa dirisha.

Kondoa_Spea: Na jirani aliyesubiri akija na bei ya chini?

Mwagizaji_Kizota: Nimewapigia. Dirisha ni 2,561, dhamana asilimia 10. Hiyo 10 nikiitoa kwenye milioni 30 zangu, hesabu ya Hazina bado inasimama?