Naomba ushauri: mfuko wa yuria unatoa naitrojeni kiasi gani kwa ekari moja?

Habari zenu wakulima wenzangu. Nina ekari moja ya mahindi huku Njoro, yamefika magotini na nataka kuyawekea mbolea ya kukuzia. Miaka yote nimetumia CAN, lakini safari hii nimenunua yuria, mfuko wa kilo 50 ulioandikwa 46-0-0.

Ninavyoelewa, namba ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni, kwa hiyo 50 × 46 ÷ 100 ni kilo 23 za naitrojeni, na zile sifuri mbili ni kwamba haina fosforasi wala potasiamu. Hapo sina shaka.

Afisa wa kilimo aliniambia shamba langu linahitaji kilo 30 za naitrojeni kwa msimu mzima. Nilipanda na mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50, nao umeandikwa 18-46-0. Hiyo 46 ya katikati ni ya fosforasi (jirani yangu anaapa eti ni sawa na ile ya yuria!), kwa hiyo naitrojeni ya DAP ni kilo 9 tu. Zimebaki 21. Nikigawanya 21 kwa 0.46 napata kama kilo 46 za yuria, karibu mfuko mzima.

Maswali yangu ni mawili. Je, ni sahihi kutoa zile kilo 9 za DAP, au mbolea ya kukuzia huhesabiwa peke yake? Na kwa kuwa udongo umekauka kidogo na yuria ikiachwa juu hupotea hewani, niifukie sasa kando ya shina au ningoje mvua?