Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, ninunue vitamini C ya aina gani?

Kisiki Kibichi
Wakuu, habari za muda huu. Huu ni mwezi wa tatu fizi zinanitoka damu. Nikipiga mswaki na kutema, povu linakuwa la pinki, siku nyingine nyekundu kabisa. Maumivu hakuna. Nasikia ni upungufu wa vitamini C. Duka la dawa nimeona kopo la vidonge vya miligramu 1000 na jingine limechanganywa na zinki. Lipi linafaa? Nina miaka 34, sivuti sigara. Usiku usingizi haupandi, nawaza kansa ya damu.

Mama Mapera
Pole mwanangu. Hiyo ni vitamini C, wala usihangaike. Mabaharia wa zamani fizi zilikuwa zinawaoza kwa kukosa matunda. Kula machungwa na mapera, wiki mbili utakuja kunishukuru.

Dunia Duara
Vitamini C bora kuliko zote inaitwa chungwa, na haina kopo. Mimi navuta mwaka wa 15 sasa, mswaki napiga nikikumbuka, sijawahi kuona tone la damu. Nyie wapiga mswaki sana ndio mnaojichubua.

Koleo
Kisiki, kopo subiri kwanza. Nijibu haya. Damu inatoka fizi zote au sehemu moja? Inatoka ukigusa tu, au hata ukiwa umekaa zako? Asubuhi mto una doa? Mswaki wako ni mgumu au laini? Unatumia dawa yoyote, hata ya kununua mwenyewe? Na matunda na mboga mara ya mwisho umekula lini?

Dunia Duara, usijisifu. Moshi wa sigara unabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi. Uchafu unaweza kuwa umeota mpaka chini ya fizi, mfupa unaliwa, na damu hutaiona. Wavutaji wengi wanaletwa kwetu na jino linalocheza, hawaletwi na damu.

Kisiki Kibichi
Asante mkuu. Inatoka zaidi meno ya mbele ya chini, kwa nyuma upande wa ulimi. Ikigusa mswaki tu. Mto uko safi. Mswaki ulikuwa mgumu. Embe nimekula jana, na mchicha karibu kila siku upo. Sasa kati ya yale makopo mawili, lipi?

Koleo
"Ulikuwa" mgumu? Sasa hivi unatumia nini hapo panapotoka damu? Na swali la dawa umeliruka.

Kisiki Kibichi
Kusema kweli hapo kwa nyuma nimeacha kupiga kama miezi miwili, napitisha kidole na chumvi. Niliona kila nikigusa ndiyo naumiza, nikaona bora pale papumzike. Dawa hakuna ya maana.

Koleo
Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Pale ulipopapumzisha ndipo pabaya kuliko pote mdomoni. Chini ya ulimi kuna matundu yanayomwaga mate, na mate yana madini. Utando laini wa vijidudu ukikaa nyuma ya meno hayo bila kufutwa, siku chache tu unaanza kuwa mgumu kama chokaa, unakuwa ugaga. Fizi iliyopakana na utando inavimba, ngozi yake ya ndani inakuwa nyembamba, mishipa inajaa damu. Ukigusa, inapasuka. Mswaki haujasababisha jeraha hapo, umelifichua. Wewe ukakimbia damu, utando ukazidi, uvimbe ukazidi, damu nayo ikazidi. Kidole na chumvi hakifiki kwenye ukingo wa fizi.

Jaribu hivi leo. Asubuhi kabla ya mswaki, tema mate kwenye karatasi nyeupe. Halafu kausha fizi kwa kipande cha pamba, kaa dakika tano bila kugusa kitu, angalia tena kwenye kioo. Ikiwa damu haijichomozi yenyewe, na inatoka ukipitisha mswaki pale penye utando tu, dalili zinaelekea kwenye uchafu wa meno.

Mama Mapera
Sasa mabaharia walikuwa hawapigi mswaki? Si walipona kwa malimau?

Koleo
Malimau yaliwaponya kweli, mama. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, wakapata nafuu ndani ya siku chache. Lakini wale walikaa baharini wiki nyingi bila tunda wala mboga mbichi. Mwili una akiba, kwa kawaida inachukua mwezi mmoja hadi mitatu ya kukosa kabisa ndipo dalili zitokee. Na haziishii kwenye fizi. Mtu anachoka hovyo, miguu na viungo vinauma, kwenye mapaja kunatokea vidoti vya damu kuzunguka vinyweleo, kidonda cha zamani kinakataa kufunga. Fizi zenyewe zinavimba kama sponji, rangi inaelekea zambarau. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku, na pera moja la kawaida linavuka hapo. Anayekula embe na mchicha, siwezi kumsingizia upungufu huo kwa sababu ya meno manne ya mbele.

Mapera ale, mama, sijakataa. Ila pera halifuti utando.

Jicho la Tatu
Wakuu, mnapigwa hapa. Akaunti imefunguliwa jana, uzi wa kwanza, swali "kopo lipi". Subirini, kesho itatokea akaunti nyingine iseme "mimi kopo la zinki lilinisaidia, nicheki nikuelekeze". Mtu mwenye hofu ya kansa ya damu anauliza kopo la vidonge? Hadithi ya kutunga hii.

Dunia Duara
😂 Nilijua tu. Kisiki leta picha ya fizi.

Kisiki Kibichi
Nitunge ili nipate nini? Nimejiunga jana kwa sababu tatizo ni la jana na juzi na leo. Picha ya mdomo wangu siweki mtandaoni.

Hadubini
Jicho la Tatu, mtunzi angesema damu inatoka kila mahali, ndiyo inatisha zaidi. Huyu katutajia nyuma ya meno ya mbele ya chini, palepale ugaga unapopenda kukaa. Mimi bado simalizi upande wa damu.

Kisiki, mimi ni wa maabara. Kansa ya damu au chembe za kugandisha zikipungua sana, damu haichagui meno manne. Inachuruzika yenyewe, hata kwenye fizi safi, na huwa na wenzake: pua kutoka damu mara kwa mara, michubuko bila kugongwa, weupe wa viganja, homa isiyoeleweka. Angalia miguu chini ya goti. Ukiona vidoti vyekundu, bonyeza kwa glasi ya kioo ya kunywea maji. Kidoti kikififia, damu bado iko ndani ya mshipa. Kikibaki vilevile chini ya glasi, damu imevujia kwenye ngozi. Vikibaki hivyo na fizi zinachuruzika bila kuguswa, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri mswaki ufanye kazi.

Una michubuko? Na dawa "ya maana" ndiyo ipi?

Kisiki Kibichi
Vidoti hakuna. Nina alama moja ya bluu pajani, sikumbuki kama niligonga meza. Na dawa ni aspirini tu, ile ndogo ya miligramu 75, kila siku, mwezi wa nne huu. Mzee wangu alipata kiharusi, anapewa, nami nachukua kwenye pakiti zake. Siyo dawa ya meno ndiyo maana sikuitaja. Na siwezi kuacha, kiharusi kiko kwenye ukoo. Kesho nakwenda kupima picha kamili ya damu, ikija safi nitajua aspirini haihusiki.

Hadubini
Hutajua. Picha kamili inahesabu chembe, haipimi kama zinafanya kazi. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa kila maikrolita, na wewe unaweza kutoka na 260,000 safi kabisa huku aspirini imezifunga mikono. Chembe ikishaguswa na aspirini hairudi kazini mpaka ife, na inaishi kama siku 7 hadi 10. Kipimo pima, kitatuambia kama zimepungua na kama chembe nyeupe zina vurugu. Lakini kisikudanganye kuhusu aspirini.

Jicho la Tatu
Kumbe mtu anakula dawa ya mzee wake na anaulizia vitamini. Nafuta kauli ya kutunga. Hii hakuna anayeweza kuitunga.

Koleo
Aspirini haivimbishi fizi. Fizi imevimba kwa utando, aspirini inafanya damu ikichungulia ichelewe kukata. Ndiyo maana fizi unazozisafisha hazitoki damu kama pale, ingawa aspirini imezunguka mwili mzima. Alama ya pajani inaweza kuwa hiyohiyo, inaweza kuwa meza, kwa maandishi siwezi kukuamulia.

Kuhusu kuacha: mzee wako asiguse dozi yake hata kidogo, aliandikiwa. Wewe hukuandikiwa. Nenda kwa daktari, akupime presha na sukari, akuambie kama unaihitaji. Ukienda kukwanguliwa ugaga, mtaje aspirini kabla hujakaa kwenye kiti.

Nyumbani fanya hivi. Mswaki laini, nywele zake ziinamie kwenye ukingo wa fizi, nusu kwenye jino na nusu kwenye fizi. Tikisa mtikisiko mfupi wa upana wa jino moja, usisugue kama sufuria. Kwa nyuma ya meno ya mbele usimamishe mswaki wima, tumia ncha. Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, katikati ya meno pitisha uzi wa meno. Siku tatu nne za kwanza damu itatoka, usikimbie. Siku ya saba hadi ya kumi na nne inapaswa kupungua waziwazi. Palipo na ugaga hapatapona kwa mswaki, huo unatolewa kwa vyuma. Na vidonge vya vitamini C usivitafune, ni asidi, vinakula jino.

Kisiki Kibichi
Siku ya tisa leo. Picha ya damu: chembe za kugandisha 238,000, nyeupe na nyekundu wamesema kawaida. Katikati ya meno ya pembeni damu imekata. Nyuma ya yale manne inatoka bado, kidogo, na nikipitisha ulimi nasikia kitu kigumu kama ganda. Kopo sijanunua.

Koleo
Hilo ganda ndilo ugaga. Weka miadi.

Mama Mapera
Mapera je?

Kisiki Kibichi
Nakula, mama.

Hadubini
Na aspirini?

Kisiki Kibichi
Alhamisi namuona daktari wa mzee. Nitarudi.