Naomba ushauri: nawafundishaje vijana riba juu ya riba bila kuwachosha?

Mwalimu wa Jumamosi: Habari zenu wakuu. Jumamosi naongea na vijana wa mtaani kwetu, wengi bodaboda na wauza mitumba. Mfano wangu ni mmoja tu: kijana anaweka shilingi 100,000, riba 10% kwa mwaka, haongezi wala hatoi kitu. Mwaka wa kwanza 110,000, wa pili 121,000. Nilipoujaribu kwa mdogo wangu akasema, "Sasa hiyo elfu moja iliyozidi ndiyo unaniitia kikao?" Nimekosea wapi?

Daftari Jeusi: Hujakosea, umeishia njiani. Mwanzoni tofauti ni ndogo kweli. Waambie watoe simu, waandike 100,000, wazidishe kwa 1.1, kisha jibu tena kwa 1.1, kila mara ni mwaka mmoja. Wafike mwaka wa 10 wenyewe: 259,374. Anayechukua riba yake kila mwaka akaila amepata jumla 200,000 tu, pamoja na zile 100,000 zake. Mwaka wa 30 huyo amepata jumla 400,000, mwenzake aliyeiacha ana 1,744,940. Usiwatajie mapema, waache wabonyeze.

Kijiweni: Rahisi zaidi: 10% mara miaka 10 ni 100%, kwa hiyo hela inajirudia mara mbili mwaka wa 10.

Daftari Jeusi: Hiyo ni ya yule anayekula riba, ndugu. Aliyeiacha ana 194,872 mwaka wa 7, na wa 8 ameshapita 214,000. Gawa 72 kwa riba, unapata 7.2, ndiyo miaka yenyewe kwa kukadiria.

Mama Wawili: Mimi nilikopa 100,000 kwenye kikundi, riba 10% kwa mwezi. Nikakwama, kila mwezi riba ikaongezwa kwenye deni. Mwezi wa tatu nikadaiwa 133,100. Roho iliniuma sana.

Daftari Jeusi: Pole dada. Mwalimu, hapo ndipo pa kusimama. 133,100 ni ile ile ya kijana wako mwaka wa 3, ila dada ameifikia kwa miezi mitatu. Ikiachwa mwaka mzima ni 313,843. Swali la kwanza kwa anayekukopesha: hiyo asilimia ni ya mwezi au ya mwaka?

Mwalimu wa Jumamosi: Asante dada, ukiniruhusu nitausimulia mkasa wako bila kukutaja. Ila akaunti za kawaida za akiba hazilipi 10%, wakiniuliza je?

Daftari Jeusi: Sema wazi kwamba 10% ni ya kurahisisha hesabu. Warudie na 3%: baada ya miaka 10 ni 134,392. Na bei za vitu zikipanda kwa kasi hiyo hiyo, hajasogea.

Abu Salma: Na sisi vijana Waislamu tusiochukua riba, mfano huu tunakaa nao wapi?

Mwalimu wa Jumamosi: Kwangu watakuwepo kadhaa. Nafikiria faida ya biashara inayorudishwa kwenye mtaji, lakini hiyo haina asilimia ya uhakika. Mwenye uzoefu anisaidie kabla ya Jumamosi.