Naomba ushauri: usaili wa video usio na msaili

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Nyegezi, Mwanza. Nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya uhasibu unaofanyika kwa video, ila upande wa pili hakuna mtu. Swali linatokea kwenye skrini, unapewa sekunde 30 za kufikiri, kisha kamera inaanza kurekodi yenyewe kwa dakika 2. Hakuna kurudia. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa.

Nimekuwa nikijirekodi kwa simu niliyoiegemeza kwenye ndoo ya unga, saa ikihesabu pembeni. Linalonishinda ni swali la "eleza tatizo ulilotatua kazini". Jana nilieleza jinsi daftari la mfanyabiashara wa dagaa pale Kirumba lilivyokuwa halilingani na taarifa ya benki. Dakika moja na nusu ikaisha bado naeleza tatizo, na nilichofanya mimi kikabaki na sekunde chache. Nikiitazama video, macho yapo kwenye saa, si kwenye kamera. Nilijaribu kukariri jibu zima, nikasikika kama nasoma risala.

Mliopitia hili, dakika 2 mnazigawaje kati ya tatizo, hatua na matokeo? Na zile sekunde 30, mnaandika nini kwenye karatasi?