Naomba ushauri: sehemu ya kukopesha kwenye sera ya duka la jumla, Chake Chake

Binti wa Madungu

Assalaam alaykum jamaa zangu. Naweka hesabu za duka la jumla la baba yangu hapa Chake Chake. Tunauza mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta ya kula. Wateja wetu ni wenye maduka wa Konde, Wete, Kengeja mpaka Mkoani, na wengi wanachukua mali kauli, yaani wanalipa wakishauza. Sasa tunataka benki ituongezee mtaji kabla ya Ramadhani, nao wanataka sera ya kukopesha iliyoandikwa, na kwenye hesabu za Disemba wanataka waone tengo la madeni yasiyolipika.

Mwisho wa Disemba tulikuwa tunadai Sh 50,000,000. Ndani yake mna 2,000,000 za mtu mmoja aliyefunga duka akahama kisiwa, na simu haipokei mwaka wa pili huu. Nimeandika hivi:

"Mteja atakopeshwa kwa busara ya mwenye duka. Atakumbushwa kila itakapobidi. Asilimia 5 ya madeni yote itawekwa kuwa tengo."

Baba amekataa hiyo sentensi ya mwisho. Anasema ukishaandika kuwa deni ni bovu, umemsamehe mtu. Mie sina jibu la kumpa. Nisaidieni, na kama maandishi yenyewe yana kasoro niambieni wazi.

Mkojani2

Dada, kama shida ni mtaji jiungeni na ushirika wa kuweka na kukopa. Riba yake nafuu na hawakutaki makaratasi mengi. Mie nilipata mashine ya kusaga kwa njia hiyo.

Binti wa Madungu

Ahsante kaka, lakini hapa nazungumzia sisi tunavyowakopesha wateja, siyo sisi kukopa.

Baharia wa Wete

Asilimia 5 inatosha, wengi ndivyo wanavyofanya. Kinachokosekana ni adhabu. Andika kuwa atakayechelewa ataongezwa asilimia 2 kila mwezi. Utaona watakavyokimbilia kulipa. Na kila mtu umpe kikomo, asikopeshwe zaidi ya hapo.

Ustadh Kiuyu

Kikomo sawa, ndugu yangu Baharia, lakini hiyo asilimia 2 ni riba bila ya shaka. Deni limeshathibiti, kisha unaliongeza kwa sababu ya muda. Hapa Pemba ukiliandika hilo, nusu ya wateja watakukimbia na nusu watakusema msikitini. Kinachojuzu kwa wanavyuoni wengi ni kuweka bei mbili tangu mwanzo, ya taslimu na ya mkopo, mteja akachagua moja kabla ya kuondoka na mzigo, na bei hiyo isibadilike tena hata akichelewa.

Na kuhusu mzee: deni halisameheki mpaka mwenyewe atamke kuwa amesamehe. Aya ya 280 ya Suratul Baqara imetaka mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kusamehe ikawa ni sadaka, jambo la hiyari. Kuandika kwenye daftari kuwa huna tamaa ya kulipwa siyo kusamehe.

Mhasibu Mstaafu

Binti, Ustadh ameshamjibu mzee kwa upande wa dini. Nami nitakujibu kwa upande wa daftari, maana baba yako hajakosea kuuliza.

Tengo halimgusi mteja hata mmoja. Ni makisio yenu wenyewe ya fungu gani la hizo milioni 50 halitarudi, ili benki isidanganyike ikadhani mna milioni 50 kamili mkononi mwa watu. Majina yote yanabaki, na madai yote yanabaki.

Lakini asilimia 5 ya madeni yote siipendi. Deni la wiki iliyopita na deni la tangu Mfunguo Tatu mwaka jana siyo kitu kimoja. Kwanza mtoe yule aliyehama, mwekee tengo la 2,000,000 zote peke yake. Zilizobaki 48,000,000 zipange kwa siku zilizopita tangu tarehe ya kulipa, siyo tangu tarehe ya ankara. Tuseme umepata hivi: 30,000,000 bado hazijafika au hazijapita siku 30, 10,000,000 zimepita kati ya siku 31 na 60, 5,000,000 kati ya 61 na 90, na 3,000,000 zimevuka 90. Ukichukua asilimia 1 ya fungu la kwanza, 5 la pili, 20 la tatu na 50 la nne, utapata 300,000, 500,000, 1,000,000 na 1,500,000. Jumla 3,300,000. Ongeza zile 2,000,000, tengo lako ni 5,300,000, na kwenye mizania yataonekana madeni ya 50,000,000 kutoa 5,300,000, yabaki 44,700,000.

Hizo asilimia usizichukue kwangu. Rudi kwenye daftari la miaka miwili iliyopita. Hesabu ni kiasi gani kilivuka siku 90, kisha tazama kilicholipwa baadaye. Kama zilivuka milioni 6 na mkapata 3, basi 50 ni sawa kwenu. Benki ikikuuliza umeipata wapi, unafungua ukurasa.

Halafu, siku mtakayokata tamaa kabisa na yule bwana, mnaziondoa 2,000,000 kwenye madeni na 2,000,000 hizo hizo kwenye tengo. Faida ya mwaka huo haiguswi, kwa sababu hasara mlishaibeba Disemba. Wengi hukosea hapa, wakaandika hasara mara mbili. Akija kulipa laki 5 baada ya miaka mitatu, mnazipokea kama pato la mwaka huo. Mweleze mzee kuwa jina litahamia daftari la pembeni, halifutwi.

Upande wa kodi ya mapato, tengo halipunguzi kodi. Linalokubalika ni deni lililofutwa kweli baada ya kulifuatilia kwa kila njia ya maana. Kwa hiyo barua, meseji na safari mlizomfuatia yule bwana ziwekwe kwenye faili moja.

Binti wa Madungu

Shukran sana mzee wangu. Nimelala saa 8 usiku napanga umri wa madeni. Limenishangaza jambo moja. Kuna mteja wa Kengeja ambaye baba anamwita mlipaji wetu bora, kwa sababu kila akija analeta pesa. Kwenye jedwali langu deni lake karibu lote ni changa. Lakini jumla yake inapanda tu. Nimekosea wapi?

Mhasibu Mstaafu

Hujakosea, umeona kitu ambacho wengi hawakioni. Nipe anachochukua na anacholipa.

Binti wa Madungu

Kila wiki mbili anachukua mzigo wa laki 9. Tangu safari ya pili analeta laki 7. Muda wake wa kulipa ni siku 14. Ameshakuja mara sita.

Mhasibu Mstaafu

Basi amechukua 5,400,000, amelipa 3,500,000, unamdai 1,900,000. Pesa unaziingiza kwenye ankara kongwe kwanza, na ndiyo sahihi. Kwa hiyo ankara tatu za mwanzo zimekwisha, ya nne imebaki laki 1, ya tano na ya sita zipo nzima. Ya tano imefika siku yake leo, ya sita ndiyo kwanza imetoka ghalani. Kilichochelewa ni laki 1 tu, tena kwa wiki mbili. Umri wa deni hautakuambia kitu, maana kila pesa mpya inafunika kongwe, na mzigo mpya unalikuza shimo nyuma yake.

Anayemkamata mtu huyu ni kikomo. Anachukua laki 9 kwa muda wa wiki mbili, basi kikomo chake kiwe 1,000,000 na si zaidi. Safari ya pili alileta laki 7, akabakiwa na laki 2. Siku ile angepewa mzigo wa laki 8, siyo 9. Angelalamika kidogo, mngezungumza, na mngejua mapema kwa nini duka lake halirudishi laki 9. Leo mnazungumza juu ya karibu milioni 2. Kikomo kisipokaguliwa kabla ya gunia kutoka ghalani, ni maneno ya kupamba karatasi.

Mpishi wa Paje

Mie nauza samaki kwa mahoteli huku Unguja. Masika hoteli nyingi zinafunga, Aprili na Mei, na anayefunga na deni langu namsubiri mpaka Julai. Sasa nakataa kukopesha kuanzia katikati ya Machi. Sijui kama inakuhusu.

Shamba Karafuu

Inamhusu, ila kwa upande wetu ni karafuu. Wateja wa maduka ya Micheweni na Wete wanalipa watu wakishauza karafuu zao kwa shirika la serikali, ZSTC. Ukimwita mtu mdeni sugu kwa sababu ya siku 90 wakati msimu haujaanza, unamuonea. Mie ningeandika wote wangoje msimu.

Mhasibu Mstaafu

Ndugu Shamba una haki nusu. Msimu ni jambo la kweli, na deni la msimu liwe na ankara yake yenye tarehe ya kulipa iliyokubaliwa tangu mwanzo, pamoja na kikomo chake mbali na kile cha kawaida. Lakini siyo wote. Muuza duka wa mjini Chake hana mikarafuu. Na karafuu hazizai sawa kila mwaka. Mwaka wa mavuno haba, deni la msimu litaanguka lote kwa pamoja, nayo ni hatari tofauti na mtu mmoja mmoja kushindwa. Fungu hilo lipewe asilimia yake kwenye tengo. Iwe ngapi, hapo siwezi kumsemea Binti, itategemea rekodi za miaka mibaya aliyonayo.

Mama Ntilie Gombani

Nami nina neno kuhusu kukumbusha. Nilikuwa natuma "naomba ukumbuke deni letu", mtu ananijibu nilishalipa, na mie sina hoja. Siku hizi nataja ankara. Mfano: "Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Ankara 0417 ya tarehe 2, Sh 640,000, siku yake ya kulipa ni Jumamosi. Ahsante." Naituma siku tatu kabla. Siku yenyewe napiga simu. Zikipita siku 7 namtuma kijana na karatasi ya hesabu, anasaini kama anakubali au anaandika anachokataa. Zikipita 15, hapati mzigo mpya wa mkopo, anaruhusiwa taslimu tu. Sigombi na mtu, na adhabu sina.

Jambo jingine, mzigo ukifika asaini mwenye duka au mtu aliyeandikwa jina, siyo dereva wa gari. Nilipoteza laki 3 kwa saini ya dereva.

Binti wa Madungu

Allah awalipe kheri nyote. Nimemsomea baba usiku huu. Sehemu imekuwa hivi:

"Kila mteja atakuwa na kikomo kilichoandikwa, kinachotokana na mzigo anaochukua ndani ya muda wake wa kulipa. Kikomo kitakaguliwa kabla ya mzigo kutoka. Mteja mpya atanunua taslimu kwa miezi mitatu ya mwanzo. Malipo yataingizwa kwenye ankara kongwe kwanza. Atakumbushwa siku tatu kabla, siku yenyewe na siku ya 7, na siku ya 15 mkopo utasimama. Hatutozi nyongeza kwa kuchelewa. Deni la msimu wa karafuu litakuwa na ankara na kikomo chake. Tengo litakisiwa kila Disemba kwa umri wa madeni na rekodi zetu wenyewe. Kuweka tengo au kufuta deni kwenye hesabu si kumsamehe mdaiwa."

Sentensi ya mwisho baba ameitaka mwenyewe, na ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Yule wa Kengeja atakwenda kumuona mwenyewe Jumapili.

Limebaki moja. Tuna mtu na mkewe wenye maduka mawili, kila mmoja ana ukurasa wake, lakini mzigo unashushwa ghala moja. Mie nasema kikomo kiwe kimoja kwa wote wawili. Baba anasema mali ya mke ni ya mke, huwezi kumfunga kwa deni la mume.

Ustadh Kiuyu

Mzee ana haki, mali zao ni mbalimbali kisheria.

Mhasibu Mstaafu

Mali mbalimbali, lakini droo ya pesa inaweza kuwa moja. Tazama ni nani analipa ankara za mke. Kama pesa zinatoka simu ya mume kila mara, mie ningewaweka pamoja mpaka mke aanze kulipa kwa jina lake.